Pauni Laki Moja Ambazo Jaji Alizikataa

(Hotuba kwa watengenezaji wa mifumo ya kompyuta na washauri wa kitaaluma, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, na nyie vijana mliojaza viti vya nyuma hamjambo.

Kabla sijasema lolote naomba mikono. Nani hapa ana mkataba wa kazi wenye sentensi inayosema kwamba akikosea na mteja akapata hasara, atalipa hadi kiasi fulani na hapo basi? Vizuri, karibu nusu ya ukumbi. Msishushe. Sasa abaki na mkono juu yule anayeweza kunieleza kwa nini kiasi kile ni kile alichokiandika, si nusu yake wala mara mbili yake.

Naona mikono mitatu, na mmoja unashuka nikiutazama.

Basi leo tutazungumza hilo tu. Waandaaji waliniandikia mada ndefu kama treni ya Kigoma, lakini katika kazi yangu ya uwakili nimeona kesi nyingi za mtaalamu na mteja wake zinaishia mahali pamoja: namba moja, ndani ya kifungu kimoja, ambayo siku ya kusaini hakuna aliyeifikiria. Sisi wanasheria kifungu hicho tunakiita kikomo cha dhima. Dhima ni ule mzigo wa kulipa pale kazi yako inapomtia mwenzako hasara. Kikomo ni mstari unaouchora mapema, kwamba mzigo huu utaishia hapa.

Nitaanza Uingereza, kwenye mji wa St Albans, kwa sababu kesi yake ni ya watu kama nyie kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya huko iliamua kila mtu mzima alipe kodi ya kichwa. Halmashauri ya St Albans ilihitaji mfumo wa kompyuta wa kuhesabu walipaji na kukusanya kodi hiyo, na ikaununua kwa kampuni kubwa iitwayo ICL. Mfumo ulikuwa na kosa. Mwezi wa Desemba 1989 ulitoa idadi ya walipaji iliyozidi idadi halisi kwa watu 2,966.

Mtasema, watu elfu tatu kwenye mji mzima, kuna nini? Fikirieni kamati ya harusi. Bajeti ni milioni kumi, katibu anasema wachangiaji ni mia moja, kwa hiyo kila mmoja anaandikiwa laki moja. Siku ya kukusanya mnagundua wachangiaji ni tisini na saba, na kadi zimeshasambazwa. Kuna pengo la laki tatu na huwezi kumrudia mtu ukamwambia ongeza. Ndicho kilichoipata halmashauri. Iligawa mahitaji yake kwa watu wengi kuliko waliokuwepo, kiwango kikawa kidogo, fedha zikapungua. Na kulikuwa na pigo la pili. Halmashauri ya wilaya ilipaswa kupeleka fedha kwa halmashauri ya kaunti kulingana na idadi ya walipaji wake. Kwa kuwa ilitangaza watu wengi, ikapeleka nyingi.

Wakaenda mahakamani wakidai zaidi ya pauni milioni moja na laki tatu. ICL ikafungua mkataba wake na kuonyesha kidole kwenye kifungu: dhima yetu haitazidi pauni 100,000.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Jaji hakusema kwamba vikomo ni haramu, wala hakusema kifungu kile hakikueleweka. Alichofanya ni kuitazama ile namba na kuuliza imetoka wapi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1977 inayomtaka mwenye mkataba wa kuchapa, ule anaompa kila mteja, athibitishe kwamba kikomo alichokiweka kina busara. Jaji akapima. ICL ilikuwa kampuni ya kimataifa yenye uwezo mkubwa. Ilikuwa na bima ya dhima ya pauni milioni 50. Halmashauri haikuwa na wauzaji wengi wa kuchagua na muda ulikuwa unaikimbia. Pauni laki moja zilikuwa ndogo mno ukilinganisha na hasara ambayo mtu yeyote angeweza kuiona inakuja, na ndogo mno ukilinganisha na hasara iliyotokea kweli. Na ICL haikuweza kueleza kwa nini ilichagua laki moja. Yaani bima inabeba mara mia tano ya kikomo, na bado mteja anaambiwa achukue laki yake aende.

Kikomo kikaanguka. Na kikianguka hakishuki hatua moja kikawa namba nyingine ya wastani. Kinatoka chote, unabaki uchi mbele ya deni zima.

Kesi ilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1996, na huko kuna kipande ambacho watu wengi hawakisomi, nami nakipenda kuliko kile cha kwanza. Mahakama ilikubali kwamba kikomo hakisimami, lakini ikapunguza fidia. Ilisema zile fedha zilizopungua kwenye makusanyo, pauni 484,000, halmashauri ilikwisha kuzifidia mwaka uliofuata kwa kuwatoza wananchi walewale kiwango cha juu zaidi. Wananchi wangelipa fedha hizo mwaka wa kwanza kama mfumo ungekuwa sahihi, wakazilipa mwaka wa pili. Hapo hasara iko wapi? Lakini zile pauni 685,000 zilizokwenda kaunti bila sababu zilikuwa zimekwenda kweli, na ICL ikaamriwa kuzilipa.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na mtu asiyachanganye. La kwanza, hasara halali ni kiasi gani. La pili, kikomo kinaikata wapi. Wengi wenu mkipokea barua ya wakili wa mteja mnakimbilia la pili na kusahau kabisa la kwanza.

Sasa turudi nyumbani. Kijana pale mbele ananiangalia kama anayetaka kusema, mama, hiyo sheria ya 1977 ni ya Waingereza. Ni kweli. Tanzania ilirithi sheria za jumla za Uingereza zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, basi. Sheria ya 1977 si yetu. Hukumu ya St Albans wakili anaweza kumsomea jaji wetu ili imshawishi, lakini haimfungi.

Je, hiyo ni nafuu kwako? Kwa upande mmoja ndiyo. Mahakama zetu huheshimu sana kile ambacho watu wazima wamekubaliana kwa hiari. Lakini kwa upande mwingine mtihani unahamia kwenye maneno. Pale ambapo jaji hana sheria ya kumruhusu kupima busara ya namba, silaha iliyobaki mkononi mwake ni kusoma kifungu chako neno kwa neno, na utata wowote akauelekeza dhidi ya aliyekiandika. Na aliyekiandika ni wewe, au ni yule uliyemnakili.

Lakini tuanze na lile swali la kwanza, hasara ni kiasi gani, maana jibu lake hapa kwetu liko kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73. Kinasema aliyevunja mkataba atalipa hasara iliyotokea kwa mkondo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote zilijua siku ya kufanya mkataba kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali, iliyopita kona tatu kabla ya kufika, hailipwi. Na kinaongeza kwamba katika kupima hasara itaangaliwa pia njia aliyokuwa nayo aliyeumia ya kupunguza maumivu yake.

Angalieni yale maneno, zilijua siku ya kufanya mkataba. Mteja akikuandikia barua pepe kabla ya kusaini kwamba mfumo wa malipo ukisimama siku moja tunapoteza milioni arobaini, amekuhamishia ujuzi huo. Kesho hutasema hukujua. Barua pepe kama hiyo haijibiwi kwa neno "sawa". Inajibiwa kwa kutaja kikomo.

Niwape mfano nilioutunga mwenyewe, tuupige hesabu pamoja. Fundi amejenga mfumo wa mikopo kwa SACCOS moja kwa ada ya shilingi milioni 18. Baada ya maboresho fulani, mfumo unaanza kukokotoa riba kimakosa. Wakopaji 900 wanatozwa riba iliyopungua kwa shilingi 15,000 kila mmoja kila mwezi, na jambo hilo linaendelea miezi saba. Zidisheni: 15,000 mara 900 ni milioni 13 na nusu kwa mwezi, mara saba ni milioni 94 na nusu. SACCOS inamlipa mkaguzi milioni 6 kurekebisha vitabu. Halafu inasema wanachama wamepoteza imani na kuondoka, faida iliyopotea ni milioni 40. Barua inamfikia fundi ikidai milioni 140 na nusu. Kwa kazi ya milioni 18.

Mtu akipata barua kama hiyo hapati usingizi. Lakini tuitenganishe.

Zile milioni 40 za imani iliyopotea ndizo dhaifu kuliko zote. Mwanachama anaondoka kwa sababu kumi. Ni lazima SACCOS ithibitishe kwamba aliondoka kwa sababu ya mfumo, na kwamba hilo lilikuwa la kawaida kutarajiwa. Mara nyingi hapo panavunjika.

Zile 94 na nusu ziangalieni kwa macho ya St Albans. Tuseme wakopaji 640 bado wana mikopo, na mkataba wao na SACCOS unaruhusu kurekebisha riba iliyokokotolewa vibaya. Hao watalipa pungufu yao. SACCOS haijapoteza fedha hizo, imecheleweshewa tu. Inaweza kudai gharama ya ucheleweshaji na ya kuwaandikia barua, lakini si fedha zenyewe. Waliobaki ni 260, waliomaliza mikopo na kuondoka. Hao ni 15,000 mara 260 mara miezi saba, yaani milioni 27 na laki tatu. Ukiongeza mkaguzi, milioni 33 na laki tatu.

Sasa tuseme mhasibu wa SACCOS aliona mwisho wa mwezi wa tatu kwamba mapato ya riba yameshuka, akamwandikia mwenzake wa ndani, na hakuna aliyempigia fundi simu. Fundi ana hoja nzito kwamba miezi minne iliyofuata si yake. Kwa wale 260 inabaki milioni 11 na laki saba, na ukiweka mkaguzi inakuwa milioni 17 na laki saba. Jaji anaweza asimpe fundi punguzo lote hilo. Lakini mnaona tulipofika. Tumetoka milioni 140 na nusu, tuko mahali fulani kati ya 17 na 33, na kikomo bado hatujakigusa.

Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wahifadhi kumbukumbu za mfumo, barua za kukabidhi kazi, na tarehe za malalamiko. Hesabu hii haifanyiki kwa maneno matupu.

Haya, sasa kikomo. Mkataba wa fundi wetu unasema: "Dhima ya mkandarasi chini ya mkataba huu haitazidi ada iliyolipwa." Sentensi fupi, safi, ameikuta mtandaoni. Tuichune.

"Chini ya mkataba huu." Wakili wa SACCOS mwenye akili hatadai chini ya mkataba. Atafungua madai ya uzembe, kwamba kama mtaalamu ulikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mtu aliyekutegemea, na wajibu huo unatoka kwenye sheria, hautoki kwenye karatasi yenu. Hayo ni madai ya mlango mwingine, na kifungu chako kimefunga mlango mmoja tu. Hata muda wake ni tofauti: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka sita na ya uzembe miaka mitatu.

"Ada iliyolipwa." Iliyolipwa lini? Kama mteja amelipa malipo ya awali ya milioni 6 na nyingine bado anazishikilia, kikomo ni milioni 6? Fundi atashangilia, lakini jaji ataona kifungu kinachomlinda mkosaji zaidi kadiri kosa linavyotokea mapema, na ataanza kutafuta namna ya kukikwepa. Mimi huandika ada inayopaswa kulipwa, au bora zaidi kiasi cha shilingi kilichotajwa.

Halafu sentensi haisemi kama kikomo ni kwa kila kosa au kwa makosa yote kwa pamoja. Maboresho matano, makosa matano, milioni 18 mara tano? Neno "jumla" halina gharama ya kuliandika, na kukosekana kwake nimeona kukizaa kesi ya miaka minne.

Mkitaka kuona kifungu kilichoandikwa vizuri kinavyofanya kazi, twendeni bandari ya Aberdeen, Uskoti. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1972, mashua za uvuvi zilikuwa zimefungwa bandarini chini ya ulinzi wa kampuni ya Securicor. Mlinzi hakufanya kazi yake. Maji ya bamvua, watu wa pwani mnayajua, hayasubiri mlinzi arudi. Mashua moja ilinaswa chini ya gati maji yakijaa, ikazama na nyingine nayo ikazama. Hasara pauni 55,000. Mkataba ulisema dhima haitazidi pauni 1,000, iwe imetokana na mkataba au na njia nyingine yoyote. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na kikomo kikasimama. Waheshimiwa walisema kifungu kinachopunguza dhima hakitazamwi kwa ukali uleule kama kifungu kinachoifuta kabisa. Mtu anayesema "nitalipa, lakini hadi hapa" anaaminika zaidi ya anayesema "sitalipa chochote". Mkataba ule ulikuwa wa kabla ya sheria ya 1977, kwa hiyo hakuna aliyepima busara ya pauni elfu moja. Yalipimwa maneno tu, na maneno yalikuwa wazi. Hali hiyo inafanana na yetu kuliko ile ya St Albans.

Kwa fundi wetu ningeandika hivi, na mnaruhusiwa kunakili alimradi namba mkaifikirie wenyewe:

"Jumla ya dhima ya Mkandarasi kwa Mteja kwa madai yote yanayotokana na au kuhusiana na kazi hii, yawe ya uvunjaji wa mkataba, ya uzembe au ya msingi mwingine wowote wa kisheria, haitazidi shilingi milioni 50. Pande zote zimekubaliana kiasi hiki baada ya kuzingatia ada, ukubwa wa hasara inayoweza kutarajiwa, na bima aliyonayo Mkandarasi. Kikomo hiki hakihusu udanganyifu, wala kifo au jeraha la mwili."

Ile sentensi ya mwisho watu huiogopa, wanadhani wanajipunguzia. Kinyume chake. Mahakama haitamruhusu mtu ajikinge na udanganyifu wake mwenyewe, iwe umeandika au hukuandika. Ukijaribu kufunika kila kitu, unampa jaji sababu ya kukitupa kifungu chote.

Na milioni 50 zimetoka wapi? Hapo ndipo mikono ilishuka. Fundi anakaa na karatasi kabla ya kusaini na kujiuliza: kwa mwezi, ni fedha kiasi gani zinazopita kwenye hesabu ambayo mfumo wangu unaifanya? Kosa la kawaida linaweza kuharibu sehemu gani ya hizo? Na litachukua miezi mingapi kabla mtu hajaligundua? Kwa SACCOS ile, mapungufu ya milioni 13 na nusu kwa mwezi, yakigundulika ndani ya miezi mitatu au minne, yanaleta milioni 40 hadi 54 hata kabla ya kutoa zinazorejeshwa. Milioni 50 inatetewa. Ukiweka milioni 18 unaweza pia kuitetea, kwamba ni kazi ndogo na mteja alipewa bei ndogo kwa sababu hiyo. Lakini liandike hilo, na umpe mteja nafasi ya kununua kikomo kikubwa zaidi kwa ada kubwa zaidi. Mteja aliyepewa bei mbili akachagua ndogo hana uso wa kusema ameonewa.

Karatasi hiyo ina safu nyingine, ya bima. Bima ya dhima ya kitaaluma mara nyingi inalipa jumla fulani kwa mwaka mzima, si kwa kila mteja. Bima ya milioni 100 na wateja saba wenye kikomo cha milioni 50 kila mmoja, hesabu hiyo fanya mwenyewe. Kuna pia kiasi cha kwanza unachobeba wewe kabla bima haijagusa. Na karibu zote hulipa kwa kutazama tarehe madai yalipoletwa, si tarehe kosa lilipofanyika. Ukiacha kulipia bima mwaka huu kwa sababu mradi umekwisha, na mteja akaja mwaka ujao na kosa la mwaka jana, huna bima. Watu waliofunga ofisi zao ndio huumia zaidi hapo.

Nimeambiwa muda unakwenda, nichukue maswali.

*Swali kutoka kwa dada mmoja: Mimi kikomo changu nimekichapa chini ya ankara. Kinatosha?*

Hapana, mwanangu. Ankara huja baada ya makubaliano. Mwaka 1949 mahakama ya Uingereza ilisikiliza kesi ya mama aliyelipa hotelini mapokezini, akapanda chumbani, akakuta tangazo ukutani kwamba hoteli haitahusika na vitu vilivyoibiwa. Makoti yake ya manyoya yakaibiwa. Hoteli ikashindwa, kwa sababu mkataba ulifungwa mapokezini na tangazo lilikuwa chumbani. Ankara yako ni ukuta wa chumbani. Kihamishie kwenye bei unayoipeleka mwanzoni, na kazi usianze kabla mteja hajajibu kwa maandishi kwamba amekubali.

*Swali: Wateja wakubwa wana mikataba yao. Wanataka nikubali kuwafidia kwa hasara yoyote itakayotokea, bila kikomo. Nikikataa sipati kazi.*

Hili ni gumu, sitakudanganya. Kwanza jua unachosaini. Ahadi ya kufidia hasara yoyote ni nzito kuliko dhima ya kawaida, kwa sababu mteja halazimiki tena kuthibitisha kwamba ulizembea. Na bima nyingi hukataa kulipa mzigo ulioubeba kwa ahadi kama hiyo, ambao sheria yenyewe isingekubebesha. Yaani umeahidi kisichokuwa na bima. Unapojadiliana, usianze kwa kuomba kikomo kwenye kila kitu. Omba mambo yagawanywe: kosa la kawaida la kazi liwe na kikomo kimoja, uvujaji wa taarifa binafsi, ambao tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 wateja wanauogopa kwa haki, uwe na kikomo chake kikubwa zaidi, udanganyifu ubaki bila kikomo. Mwanasheria wa kampuni kubwa ana bosi wa kumwonyesha kwamba ameshinda kitu. Mpe hicho cha pili ashinde. Akikataa vyote, peleka mkataba ule kwa wakala wako wa bima kabla ya kusaini, umwulize kwa maandishi kama umefunikwa. Jibu lake litakusaidia kuamua kama kazi ile ni kazi au ni kamari.

*Swali la mwisho, kutoka kwa mzee wa kiti cha tatu: Je, nikigundua kosa mwenyewe, mteja hajajua?*

Mzee wangu, umeuliza swali ambalo watu huniuliza wakiwa wamefunga mlango. Mwambie, tena siku hiyohiyo. Kumbuka ile miezi minne ya mhasibu. Iliweza kukatwa kwa sababu ni SACCOS iliyonyamaza. Ukinyamaza wewe, miezi yote inakuwa yako, na kikomo chako kinaanza kunuka udanganyifu, ambao tumeuandika nje ya kikomo kwa mkono wetu wenyewe. Lakini piga simu ya bima kwanza, kwa sababu bima nyingi zinakataza kukiri dhima bila ruhusa yao, na ukikiri wanaweza kukuacha. Halafu mwandikie mteja mambo yaliyotokea, si hukumu juu yake. Usiandike "nimezembea, nitawalipa". Andika: "Leo saa nne asubuhi tumebaini kwamba tangu maboresho ya tarehe fulani, riba ya mikopo ya aina fulani inakokotolewa pungufu. Tumesimamisha ukokotoaji huo. Tafadhali msifunge hesabu za mwezi hadi tutakapowapa orodha ya akaunti zilizoathirika, kesho kabla ya saa kumi." Na kesho, kabla ya saa kumi, orodha iwe imefika.